Dakika moja mbele ya wawekezaji: jinsi ya kuandaa hotuba ya kampuni changa ya taa za jua

Nimekaa mara nyingi upande wa wanaosikiliza hotuba hizi, na kosa ninalokutana nalo zaidi linafanana kila mara. Kijana anapanda jukwaani na taa mkononi, anatueleza kuhusu giza, moshi wa kibatari na mtoto anayeshindwa kusoma usiku. Kengele inalia akiwa bado hajatuambia anauza vipi. Ukumbi unampigia makofi, na hakuna anayemfuata nje.

Wawekezaji wanaokuja kusikiliza habari za taa za jua hawahitaji kushawishika kwamba giza ni baya. Biashara hii si ngeni kwao. Kampuni kama d.light ilianza mwaka 2007, na tangu hapo wameshaona taa za kila umbo. Wanachokuja nacho kichwani ni swali moja la kibahili: taa ikishatoka dukani, fedha inarudi? Dakika yako ijibu hilo. Haikupi mtaji siku ileile. Kinachotafutwa ni mtu mmoja akwambie, "Njoo wiki ijayo tuzungumze."

Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano wa binti mmoja mwenye kampuni changa. Namba zake nimezitunga kwa ajili ya mafunzo, lakini nimezipanga zikubaliane, maana ukiweka namba zisizokubaliana mbele ya watu hawa watakugundua kabla hujashuka. Ameuza taa 1,400 kwa miezi tisa kupitia mawakala 22. Mteja hutoa kianzio, kisha hulipa kidogokidogo kila wiki kwa simu. Kila anapolipa hupata namba ya siri ya kubonyeza kwenye taa, na siku alizolipia zikiisha taa haiwaki.

Hatua ya kwanza: pima mdomo wako

Kabla hujaandika neno, fahamu dakika yako inabeba maneno mangapi. Chukua aya yoyote uliyoiandika mwenyewe, isome kwa sauti ya kawaida kwa sekunde 30 huku simu ikihesabu, kisha hesabu maneno na uzidishe mara mbili. Wengi niliowapima huangukia kati ya 100 na 130. Maneno yetu ni marefu. "Atakapoyarudisha" ni neno moja lakini linakula muda wa maneno matatu mafupi. Kwa hiyo usichukue kipimo cha lugha nyingine ukadhani kitakufaa.

Binti wetu alisoma maneno 62 kwa nusu dakika, yaani 124 kwa dakika. Akitaka sekunde tano za akiba, kwa ajili ya pumzi, kicheko cha ukumbini au kipaza sauti kinachokoroma, hotuba yake isizidi maneno 113 hivi. Hiyo ndiyo bajeti yake.

Hapo ndipo utaona kwa nini "Habari za asubuhi waheshimiwa wawekezaji, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa" ni anasa. Ni maneno kumi na mawili, karibu sehemu moja ya kumi ya muda wote. Jina lako limeshasomwa na mwendesha shughuli. Salimia kwa kuinamisha kichwa, halafu anza.

Kumbuka pia kwamba namba huonekana fupi kwenye karatasi na kuwa ndefu mdomoni. Ukiandika 564 unaona tarakimu tatu, lakini utatamka "mia tano sitini na nne", maneno matano. Hesabu maneno kama yatakavyotamkwa.

Hatua ya pili: hesabu ya taa moja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina uhusiano na ufasaha. Kaa na karatasi uandike safari ya fedha ya taa moja tu, tangu kianzio hadi malipo ya mwisho. Usichukue kampuni nzima. Kampuni nzima ina mishahara, pango la ofisi na mambo mengine yanayoficha ukweli. Taa moja haifichi.

Tuseme bei ya taa ni 100, ya fedha yoyote ile. Mteja wa binti wetu hutoa kianzio cha 20, kisha 5 kila wiki kwa wiki 16. Jumla ni 100. Taa hiyo, ikihesabiwa gharama ya kiwandani, usafiri na ushuru hadi kufika ghalani, imemgharimu 55. Wakala huchukua 10 siku ya kuuza. Kutuma ujumbe, makato ya malipo ya simu na matengenezo ndani ya muda wa dhamana huchukua 6 nyingine.

Sasa fuata wiki. Siku ya kwanza ana 20 mkononi huku ametumia 65, yaani taa pamoja na wakala. Pengo lake ni 45. Kwa 5 kila wiki, ataliziba wiki ya tisa. Mteja akiacha kulipa wiki ya sita, binti amepata hasara hata kama taa imejifunga, labda aipate tena na kuiuza upya. Akiacha wiki ya kumi na mbili, hasara haipo. Kilichopungua ni faida.

Wiki ya tisa ni namba ambayo mwanzilishi anapaswa kulala na kuamka nayo. Si lazima itajwe jukwaani. Lakini asiyeijua hawezi kujibu swali la pili la mwekezaji yeyote mwenye uzoefu, na swali hilo huja sekunde chache baada ya makofi.

Kilichobaki kuhesabu ni madeni yanayopotea. Hapo tunahitaji hatua nzima.

Hatua ya tatu: kiwango cha marejesho kisichodanganya

Katika rasimu yake ya kwanza binti aliandika: "Asilimia 98 ya wateja wetu wanalipa." Nilipouliza imetoka wapi, alifungua jedwali lake. Alikuwa amehesabu wateja wote wenye deni waliolipa chochote ndani ya mwezi uliopita. Hakuwa anadanganya kwa makusudi, ila namba hiyo haina maana. Aliyelipa 5 badala ya 20 amehesabiwa kuwa mlipaji mzuri. Na walioacha kabisa miezi mitano iliyopita alishawaondoa kwenye orodha, kwa hiyo hawamo hata chini ya mstari wa mgawanyo.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo ni gumu zaidi kuliona. Kampuni inayokua haraka ina wateja wengi wapya, na wateja wapya karibu wote hulipa vizuri, kwa sababu ndiyo kwanza wiki ya pili au ya tatu. Ukiwachanganya na wa zamani, wapya wanawapaka rangi wa zamani. Siku mauzo yakipoa, rangi inatoka na kiwango kinaporomoka ghafla, ingawa hakuna mteja aliyebadilika tabia.

Njia safi ni kuwapanga wateja kwa shehena waliyonunulia. Binti ameshapokea shehena tatu: ya kwanza taa 300, ya pili 320, ya tatu 780. Waliochukua shehena ya tatu bado wanalipa, hivyo waache kando. Waliotimiza wiki 16 ni wale wa shehena mbili za mwanzo, watu 620. Kati yao 564 wamemaliza deni lote. Gawanya: 91 kati ya kila 100.

Tisa walioshindwa waliacha wakiwa wanadaiwa wastani wa 55 kila mmoja. Tisa mara 55 ni 495. Ukigawanya kwa wateja wote 100 unapata karibu 5 kwa kila taa iliyouzwa. Basi hesabu ya taa moja inafungika hivi: 100, toa 55 ya taa, toa 10 ya wakala, toa 6 ya huduma, toa 5 ya madeni yaliyopotea. Inabaki 24.

Binti alinuna kidogo. "Tisini na nane ilikuwa inapendeza zaidi," alisema. Ni kweli inapendeza. Lakini mwekezaji akisikia 98 katika biashara ya kukopesha taa anashtuka, na kinachofuata ni kuitafuta mbinu iliyoitengeneza. Akisikia 91, ikifuatana na maneno "waliotimiza muda", anaelewa mara moja kwamba anaongea na mtu anayejua kuhesabu. Maneno hayo mawili yana thamani kuliko nyongeza ya saba.

Hatua ya nne: tofauti yako iwe moja, na iwe sababu ya namba

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sifa sita za taa: haiingii maji, ina chaji ya simu, ina mwanga wa ngazi tatu, nyepesi, rafiki wa mazingira, ina rangi nne. Taa za washindani nazo zina hizo zote.

Nilimuuliza wateja wake huacha kulipa kwa sababu gani. Alijibu bila kufikiri: "Taa ikizingua." Mtu anadaiwa wiki nane zaidi, taa inawaka nusu saa na kuzimika, ananyanyua mabega na kusema siwezi kulipia kitu kibovu. Na kwa taa ndogo za jua, kinachotangulia kuchoka mara nyingi ni betri. LED na paneli hudumu zaidi. Kwa sababu hiyo yeye alichagua kiwanda kinachofunga betri kwa skrubu badala ya gundi, akawapa mawakala betri za akiba na bisibisi.

Hiyo ndiyo tofauti. Si kwa sababu ni ya kisayansi sana, bali kwa sababu inaeleza kwa nini 91 wanamaliza. Sifa isiyoeleza namba mojawapo ya zile mbili kubwa, yaani kiwango cha marejesho na baki ya kila taa, iache kwenye kijikaratasi cha matangazo.

Hatua ya tano: ombi linalolingana na mzunguko wa fedha

Hapa ndipo vijana wengi huteleza, na sidhani ni kwa uzembe. Hakuna anayewafundisha.

Binti alikuwa ameandika: "Mteja hulipa ndani ya wiki 16, kwa hiyo fedha yenu itazunguka mara tatu kwa mwaka." Fuata shehena moja uone. Kiwanda kinataka sehemu ya malipo kabla ya kuanza na iliyobaki kabla ya mzigo kupakiwa. Utengenezaji wiki 6, meli wiki 5, kutoa mzigo bandarini na kuusambaza kwa mawakala wiki 2. Hizo ni 13 na hakuna taa hata moja iliyouzwa. Kuuza shehena yote humchukua wiki 3. Halafu zile wiki 9 hadi gharama irudi. Jumla 25. Fedha inazunguka mara mbili kwa mwaka, tena bila meli kuchelewa.

Angesema "mara tatu" jukwaani, mtu mmoja safu ya mbele angechukua kalamu, na baada ya hapo hata zile 91 zisingeaminika.

Ukiitazama hesabu hiyo unaona pia kinachomkwamisha. Mzigo ukifika unaisha kwa wiki tatu. Yeye huagiza mwingine siku uliotangulia unapofika, kwa sababu kabla ya hapo hana fedha. Kwa hiyo kila baada ya wiki tatu za kuuza anakaa wiki kumi ghala tupu, na mawakala 22 wanaanza kuuza vitu vya watu wengine. Tatizo lake si soko wala taa. Ni mtaji wa uendeshaji, na hilo ndilo litajwe.

Mtaji wa kununulia mzigo ni afadhali uwe mkopo. Ukitoa hisa za kampuni ili ununue taa ambazo zitauzwa na fedha yake kurudi ndani ya wiki 25, umeuza shamba ili ununue mbegu. Hisa ni kwa ajili ya vitu visivyojilipa vyenyewe haraka: msimamizi wa mawakala, mfumo wa kufuatilia malipo, majaribio ya taa mpya. Wawekezaji wa hisa wenyewe watakuuliza kwa nini hukopi, na ukiwa umeshawatenganishia, unawapunguzia kazi. Mfano wetu uliishia hivi: theluthi mbili ya ombi ni mkopo wa shehena ya taa 4,000, theluthi moja ni hisa.

Mwisho wa ombi uwe ni muda wao. Kinachoombwa ni dakika 20 za kukaa mezani, na useme utawaonyesha nini.

Hatua ya sita: unganisha

Baada ya hesabu hizo, kuandika kunakuwa kwepesi kuliko unavyodhani. Nimeandika namba kwa maneno kama atakavyozitamka, na kiasi cha ombi nimekiacha wazi, utaje cha kwako kwa maneno yasiyozidi matatu.

> Taa hii mteja anaondoka nayo kwa kulipa sehemu moja tu ya tano ya bei. Iliyobaki analipa kwa simu, kila wiki, kwa miezi minne. Asipolipa, taa inajifunga.
>
> Ndani ya miezi tisa tumeuza taa elfu moja na mia nne. Katika kila wateja mia waliotimiza muda, tisini na moja wamemaliza deni. Wanamaliza kwa sababu betri ikisumbua, wakala wetu anaibadilisha papo hapo kwa bisibisi moja. Tukitoa gharama za kila taa na madeni yaliyopotea, karibu robo ya bei inabaki.
>
> Tatizo letu ni mzigo: shehena inaisha kwa wiki tatu, kisha tunakaa wiki kumi bila taa. Tunatafuta (kiasi): theluthi mbili mkopo wa mzigo, theluthi moja hisa.
>
> Naomba dakika ishirini wiki hii, niwaonyeshe daftari la malipo la kila taa.

Ni maneno 113 pamoja na yale matatu ya kiasi. Kwa mwendo wake ni sekunde 55.

Angalia mambo machache. "Wiki kumi na sita" imekuwa "miezi minne", kwa sababu ni fupi mdomoni na tofauti ya siku chache hapa haimdhuru mtu. Lakini 24 imekuwa "karibu robo", si "robo". Neno "karibu" linamlinda, na kulitamka hakuchukui hata sekunde moja. Vilevile amesema "gharama za kila taa". Angesema "gharama zote", angekuwa ametoa na mishahara na pango, jambo ambalo si kweli. Mtu akimbana baadaye, kila neno limesimama.

Na giza halikutajwa. Wala kibatari, wala mtoto. Kuna watakaokwambia hotuba imekuwa kavu, na mbele ya hadhira ya kawaida wangekuwa na haki. Mimi ningeiacha hivyo mbele ya wawekezaji.

Hatua ya saba: taa mkononi

Usiwashe taa ukitarajia ukumbi ushangae. Taa ya mkononi yenye lumeni 100 hivi ni mwanga mwingi kwenye chumba chenye giza. Mbele ya taa za jukwaani inaonekana kama kijiti cha kiberiti. Nimeona watu wakiomba ukumbi uzimwe taa, fundi akatafutwa, sekunde 20 zikaenda zake.

Onyesha kinachohusu fedha. Binti alipanda na taa ikiwa tayari inawaka, ameishika kifuani kimyakimya. Alipofika "taa inajifunga" akabonyeza, ikazima. Hakuirudia tena. Ni kitendo cha nusu sekunde, kimeeleza kitu ambacho aya nzima isingekieleza.

Ili kifanye kazi, taa uichaji jana yake na uijaribu asubuhi. Ukiibeba kwenye begi hakikisha swichi haiwezi kubonyezwa na vitabu. Na beba ya pili. Taa ikikugomea jukwaani mbele ya watu unaowaambia habari za betri, hakuna hotuba itakayokuokoa.

Hatua ya nane: mazoezi, na pa kukata

Soma hotuba kwa sauti ukiwa umesimama, mara kumi, simu ikipima. Ukiwa umekaa utasoma haraka zaidi na kujidanganya. Jirekodi usikilize mahali unapomeza maneno. Kwa wengi ni kwenye namba, kwa sababu wanazijua sana. Namba ndizo zitamkwe polepole kuliko vyote. Baada ya "tisini na moja wamemaliza deni" nyamaza kwa muda wa kupumua mara moja.

Chagua mapema sentensi ya kuitupa muda ukibana. Kwa binti ni ile ya taa 1,400. Inafurahisha lakini isipokuwepo hotuba inasimama. Sentensi ya ombi haitupwi. Ukisikia kengele ukiwa katikati, ruka moja kwa moja hadi "Naomba dakika ishirini".

Hatua ya tisa: maswali ya papo kwa papo

Baada ya dakika yako kwa kawaida utapata swali moja au mawili. Haya ndiyo yanayorudi.

La kwanza: inawaka saa ngapi? Jibu kwa hesabu, siyo kwa sifa. Paneli ya wati 1.5 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 7.5. Kwa joto, pembe ya jua na upotevu wa kuchaji, ondoa kama theluthi, zinabaki 5. Betri yake ya lithiamu na fosfeti ya chuma, volti 3.2 na ampea-saa 1.5, hubeba wati-saa 4.8, kwa hiyo inajaa. Taa ikitumia wati moja kwenye mwanga mkubwa itawaka saa nne na kitu. Siku ya mawingu mazito inaweza kuwa nusu yake au pungufu. Jibu zuri ni: "Saa nne mwanga mkubwa siku ya jua, mbili siku ya mawingu. Kwenye mwanga mdogo inawaka hadi asubuhi." Anayejibu "usiku kucha" bila kutaja ngazi ya mwanga ataulizwa la pili, na hilo litamkwamisha.

Swali jingine ni la ubora: nani ameipima? Kama kiwanda chako kina cheti cha VeraSol, taja jina na ubebe nakala. Mpango huo ulirithi kazi ya kupima ubora iliyokuwa ya Lighting Global mwaka 2020, na hupima kwa utaratibu wa IEC TS 62257-9-5. Kama huna, sema umefika wapi. Usiseme "inakidhi viwango vya kimataifa" ukakomea hapo. Ni sentensi inayosikika kama mtu anayeficha kitu.

La tatu ni lile la wiki ya tisa, ingawa wataliuliza kwa umbo tofauti: "Mteja akiacha mapema unafanyaje?" Hapa ndipo karatasi yako ya hatua ya pili inapolipa. "Gharama yetu inarudi wiki ya tisa. Akiacha kabla, wakala anaichukua taa, anabadilisha betri ikibidi, na inauzwa kwa mteja mwingine kwa bei pungufu." Ukijua ni ngapi kati ya wale 56 walioshindwa ambao taa zao zilipatikana tena, itaje. Usipojua, ahidi kuileta kwenye dakika 20, na uilete kweli.

Kwenye mkutano huo nenda na ukurasa mmoja: safu moja kwa kila shehena, wiki 0 hadi 16 zikiwa juu, na ndani yake sehemu ya fedha iliyokwishakusanywa kila wiki. Shehena ya tatu itaishia katikati ya ukurasa, nafasi nyingine tupu. Iache tupu hivyohivyo.